Ujumbe wa kuthibitisha kuhama nyumba mjini Tanga: muda wa kufika, njia ya gari na maandalizi ya mteja

Ugomvi mwingi kati ya mteja anayehama na kampuni inayomhamishia vyombo huanzia kwenye ujumbe mfupi wa jioni: "Kesho asubuhi tunakuja." Asubuhi ni ndefu. Mteja anakaa juu ya mabegi yake tangu alfajiri, ameomba ruhusa kazini, mwenye nyumba mpya anamsubiri na funguo, na gari linafika saa tano. Dereva naye anakuta geti ambalo gari haliingii, kabati ambalo halitoki chumbani, na friji iliyojaa samaki. Hakuna aliyedanganya. Ujumbe ndio haukusema kitu.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeandika ujumbe huo, awe na kampuni ya magari matano au Kenta moja na vijana watatu. Mteja naye akiusoma atajua aulize nini kabla hajatoa kianzio. Nitaufuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mwalimu wa sekondari anayehama siku ya Ijumaa kutoka Ngamiani, nyumba ya kupanga yenye korido katikati na vyumba pande mbili, kwenda Raskazone, ghorofa ya kwanza. Ni safari ya kilomita chache tu, lakini ina karibu kila kitu kinachoweza kuharibu siku.

Uliza kwanza, thibitisha baadaye

Uthibitisho ni matokeo ya maswali. Kama hukuuliza, unachotuma ni matumaini tu. Maswali hayo yaulizwe kwa simu au kwa kwenda kuona, na kwa nyumba ya vyumba viwili na zaidi ninashauri mtu aende. Tanga mjini si kubwa kiasi cha kukosa nusu saa ya kwenda kutazama kazi.

Anza na mahali. "Barabara ya 12, Ngamiani" haitoshi, kwa sababu ni barabara ndefu na Ngamiani yenyewe ina kata tatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Omba kata, namba ya nyumba iliyo kwenye kibao (tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina vibao), na alama moja ambayo kila mtu wa mtaa anaijua: msikiti, kinu, duka la dawa, kituo cha bajaji. Halafu mwombe mteja akutumie mahali alipo kwenye WhatsApp akiwa amesimama nje ya mlango wa mbele. Akituma akiwa kazini, utapata ramani ya shule yake.

Pili, vyombo. Usiulize "una vitu vingi?" kwa sababu kila mtu atakujibu ana vichache. Tembea naye chumba hadi chumba, hata kwa simu, na mtaje kila kitu kikubwa kwa jina: kitanda cha futi sita kwa sita, kabati la milango mitatu, friji, mashine ya kufulia, seti ya makochi, meza ya chakula. Vitu vidogo vihesabu kwa maboksi na mabegi. Mwalimu wetu alitaja vitu vikubwa tisa, na maboksi na mabegi kama hamsini, mengi yakiwa ya vitabu. Vitabu ni mzigo mdogo kwa macho na mzito kwa mgongo, kwa hiyo hapo hapo ukaongezwa mtu wa nne wa kubeba.

Tatu, njia. Hii nitaieleza kwa urefu baadaye, kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi.

Muda wa kufika unavyopatikana

Hakuna kampuni inayoweza kuahidi dakika, isipokuwa kwa kazi ya kwanza ya siku. Kinachoahidiwa ni kipindi: gari litafika kati ya saa fulani na saa fulani. Kipindi hicho kinapatikana kwa kujumlisha hatua za kazi iliyotangulia, mara moja kwa hesabu ya mambo yakienda vizuri, mara ya pili kwa hesabu ya mambo yakienda polepole.

Ijumaa ile gari lilikuwa na kazi mbili: ya mwalimu, na nyingine ya kutoka Duga kwenda Kange. Tuseme Duga inatangulia, na upakiaji unaanza saa 1:30 asubuhi. Mambo yakienda vizuri, kupakia ni saa moja, safari dakika 20, kushusha dakika 45, kurudi Ngamiani dakika 20. Gari linamfikia mwalimu saa 3:55. Mambo yakienda polepole, kupakia kunakuwa saa moja na nusu na kushusha saa moja kamili, na gari linafika saa 4:40. Ongeza nusu saa ya jambo lisilotarajiwa, kama pancha au mwenye nyumba aliyekwenda sokoni na funguo. Kipindi cha haki cha kumwandikia mwalimu kinakuwa saa 4:00 hadi saa 5:15.

Kwa siku ya Jumanne ningekituma hivyo hivyo. Kwa Ijumaa hapana. Gari likifika saa 5:15, na upakiaji wa nyumba yake ukichukua saa moja na nusu, unamalizika saa 6:45, wakati watu wameshaanza kwenda kwenye swala ya Ijumaa. Karibu na misikiti ya Ngamiani, pikipiki na baiskeli zimepangwa pembeni, waumini wengine wako nje kwenye mikeka, na gari la mzigo halina pa kupita wala halipaswi kulazimisha. Vijana wako nao wanataka kwenda kuswali, na ni haki yao. Gari lingebaki limepakiwa nusu kwa muda wa saa nzima, na mteja amesimama juani.

Kwa hiyo tuligeuza. Mwalimu akawa wa kwanza, saa 1:30 hadi saa 2:00 asubuhi. Kipindi chake ni kifupi kwa sababu gari linatoka moja kwa moja kwenye maegesho na hakuna kazi inayolitangulia. Mteja wa Duga alipewa saa 8:00 hadi saa 9:00 mchana, baada ya swala na chakula, na akaelezwa sababu. Alikubali bila neno. Watu hawakasirikii saa iliyo mbali wakielezwa mapema. Wanachokasirikia ni kusubiri bila kujua.

Ukishapata kipindi, kiandike kwa namna isiyoweza kusomwa vibaya. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, lakini simu ya mteja inaonyesha 08:00, na mtu anayeweka kikumbusho kwenye simu anaweza kuingiza 02:00 au akasoma "8:00" yako kama saa nane mchana. Andika saa ya Kiswahili pamoja na wakati wa siku, kisha mara moja tu weka saa ya simu pembeni: saa 1:30 hadi saa 2:00 asubuhi, kwenye simu 07:30 hadi 08:00. Andika pia siku na tarehe zote mbili. "Ijumaa" peke yake ikitumwa Alhamisi usiku inaeleweka, ikitumwa Jumamosi inaweza kuwa ya wiki yoyote.

Eleza pia "kufika" maana yake nini. Kwangu mimi gari limefika linaposimama mahali palipokubaliwa na msimamizi akapiga simu au akabisha hodi. Kuanzia hapo mteja ana dakika 30 za kutufungulia na kuwa tayari, na baada ya hapo kusubiri kunalipiwa kwa kiasi kilichoandikwa. Upande wa pili uwe na uzito ule ule: kampuni ikivuka mwisho wa kipindi bila taarifa, bei ipungue kwa kiasi kilichoandikwa pia. Ukiweka adhabu ya mteja tu, umeandika amri.

Njia ya gari, kisha njia ya miguu

Watu wakiulizwa kama gari linafika, wanajibu "linafika" kwa sababu teksi na bajaji hufika. Kenta ya boksi ni kitu kingine. Upana wake ni karibu mita mbili, na urefu wake kutoka ardhini ni karibu mita tatu. Pima ya kwako na vioo vyake vya pembeni, uandike vipimo hivyo kwenye karatasi ya dereva. Ukiwa na vipimo, swali linabadilika kutoka "gari linafika?" na kuwa maswali manne yanayojibika.

La kwanza ni upana: kati ya nyumba na nyumba, au kati ya nguzo za geti, kuna mita ngapi? Mteja asiye na futi ya kupimia apige hatua. Hatua tatu kubwa za mtu mzima zinatosha kupitisha gari, mbili hazitoshi. La pili ni juu: kuna waya wa umeme unaovuka kutoka nguzoni kwenda nyumbani, au tawi la mwembe juu ya njia? La tatu ni chini: kuna mtaro wa kuvuka, na daraja lake ni zege au ni mbao mbili? Njia ni lami, mchanga au udongo? Masika, kati ya Machi na Mei, mtaa wa udongo uliokuwa mzuri juzi unaweza kuwa tope leo, na gari lililojaa likizama hapo kila kitu kinasimama. La nne ni kusimama: gari likiegeshwa, wengine watapita? Mtaa ambao jirani anauza chapati asubuhi kibarazani ni mtaa wa kuomba nafasi siku moja kabla, na mwombaji awe mteja mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye jirani.

Kwa mwalimu, upande wa Ngamiani gari lilisimama hatua kumi kutoka mlangoni. Hakuna tatizo. Raskazone ndiko kulikokuwa na kazi. Geti ni pana, lakini mara tu baada ya geti kuna mwembe wa zamani ambao tawi lake la chini liko kama mita 2.7 kutoka ardhini. Boksi la mita tatu halipiti. Gari likabidi lisimame nje, na vyombo vibebwe mita thelathini zaidi kabla ya ngazi.

Mita thelathini zinaonekana si kitu, lakini zihesabu. Kwenda na kurudi ni mita sitini, na mtu mwenye mzigo hutembea karibu mita moja kwa sekunde, kwa hiyo kila safari inaongezeka dakika moja. Vitu na maboksi sitini vikigawanywa kwa vijana watatu, na wa nne akibaki garini akishusha, kila mmoja ana safari ishirini. Umeongeza dakika ishirini kabla hujahesabu ngazi. Ndiyo maana umbali kutoka gari hadi mlangoni unaandikwa kwenye uthibitisho pamoja na ghorofa: vyote viwili vimo kwenye bei, na mteja akiona vimeandikwa hatasema alitozwa kwa siri.

Pale ambapo gari halisogei kabisa, kwa mfano uchochoro wa Makorora wa mita moja na nusu, suluhisho la Tanga lipo: guta au mkokoteni wa kuvusha vyombo hadi barabarani. Lakini guta liandikwe kwenye ujumbe, na iandikwe nani analilipa. Kulitafuta asubuhi ile ile wakati gari limeshafika ni kumpa mwenye guta nafasi ya kutaja bei anayoitaka.

Mwisho wa njia ya gari ni watu wa mlangoni. Nyumba yenye mlinzi, jina la kampuni na namba ya gari ziwe kwake tangu jana. Nyumba ya ghorofa yenye wapangaji wengine, mwenye nyumba awe amekubali siku na saa. Mlinzi asiyejua kitu hana kosa akikataa kufungua.

Kabati lililojengwa ndani ya chumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo linalotokea sana Tanga na halimo kwenye fomu yoyote niliyoiona. Ukimuuliza mteja kama kabati litatoka, atasema, "Si liliingia?" Mara nyingi halikuingia. Fundi seremala alileta mbao, akaliunganisha humo humo chumbani, akapaka vanishi na kuondoka. Kabati halijawahi kupita mlango wowote.

La mwalimu lilikuwa na urefu wa sentimita 210, upana wa 180 na kina cha 60. Mlango wa chumba ulikuwa na nafasi ya sentimita 75, kimo chake sentimita 200, na unafungukia korido ya sentimita 120. Kwa harakaharaka unasema 60 inapita kwenye 75. Inapita, ila kwa kunyooka tu. Likisimamishwa, kabati ni refu kuliko mlango kwa sentimita kumi. Likilazwa, linatoka limenyooka hadi kichwa chake kinagonga ukuta wa pili wa korido, huku nyuma bado kumebaki karibu mita moja chumbani. Ili lipinde linahitaji nafasi mlangoni, na sentimita 15 zilizobaki hazitoshi kulipindisha. Ndipo vijana wanapoanza kusukuma, na fremu ya mlango wa mwenye nyumba inapasuka.

Kwa hiyo omba vipimo vinne vya kila kitu kikubwa kilicho chumbani: urefu, upana, kina, na nafasi ya mlango ikiwa mlango umefunguliwa hadi mwisho. Kipimo cha tano ni upana wa korido. Omba pia picha ya mgongo wa kabati. Ukiona skrubu, linafunguka na kuunganishwa tena, na kijana mmoja mwenye bisibisi atalimaliza kwa nusu saa. Ukiona misumari na gundi, aitwe fundi seremala siku moja kabla, na ijulikane wazi kwamba kabati la namna hiyo halirudi imara kama mwanzo. Mteja ana haki ya kuamua kuliuza huko huko badala ya kulihamisha. La mwalimu lilikuwa la skrubu. Likaandikwa: litafunguliwa Alhamisi jioni, na skrubu ziwekwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye mlango wa kabati wenyewe.

Pima na upande wa pili. Ngazi ya Raskazone inapinda katikati, na ina upana wa sentimita 95. Friji ilipita, makochi mawili madogo yalipita, na kochi kubwa lilipita baada ya kutolewa miguu. Yote hayo yalijulikana Jumatano.

Anachotakiwa kuandaa mteja

Orodha ya maandalizi ikiwa ndefu sana haisomwi. Mimi huweka yale tu ambayo yasipofanyika gari linasimama au kitu kinaharibika.

Friji ni la kwanza kwa sababu linahitaji muda. Lizimwe siku moja kabla, litolewe kila kitu, mlango uachwe wazi barafu iyeyuke, lifutwe maji. Friji lenye barafu linavuja kwenye magodoro. Lisafirishwe limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa huweza kupanda kwenye mabomba, na likiwashwa papo hapo kompresa inaweza kuharibika. Likisafiri limesimama, lipumzike saa chache kabla ya kuwashwa. Likilazimika kulazwa, liachwe limesimama hadi kesho yake. Kwa hiyo mteja ajue tangu mwanzo kwamba usiku wa kwanza huenda asiwe na friji, asinunue nyama.

Gesi, mafuta ya taa na petroli ya jenereta havipandi kwenye boksi lililofungwa pamoja na vyombo. Mtungi ufungwe, regulata itolewe, na kampuni iseme unakwenda vipi. Mkaa nao ubaki au upewe jirani: kusafirisha mazao ya misitu kuna vibali vyake, na gunia moja lisilo na hati linaweza kusimamisha mzigo mzima.

Fedha, dhahabu, vyeti, hati, dawa za kila siku na simu mteja anabeba mwenyewe. Hili liandikwe kwa sentensi isiyo na mlango wa nyuma: kampuni haivipokei. Si kwa sababu vijana hawaaminiki. Kitu kisichoorodheshwa hakiwezi kuthibitishwa kwamba kilikuwepo, na tuhuma moja inamwaga jasho la watu wote.

Vitabu viwekwe kwenye maboksi madogo ambayo mtu mmoja anaweza kunyanyua. Vyombo vya udongo na glasi vifungwe kwa magazeti au kanga, na boksi liandikwe kwa kalamu nene "jiko" au "chumba cha watoto," upande wa pembeni, kwa sababu juu litawekewa boksi lingine. Nguo zinaweza kwenda kwenye mabegi na viroba.

Na jambo la mwisho lina aibu yake lakini lazima lisemwe: hesabu na mwenye nyumba anakotoka. Kodi, maji, umeme wa pamoja. Mwenye nyumba anayedai akisimama mlangoni, vijana wangu hawatoi hata kiti, na gari linasubiri kwa gharama ya mteja. Liandike kwa adabu, kama utaratibu wa kila mteja, usimwonyeshee mtu kidole.

Ujumbe wenyewe

Huu ndio ujumbe alioupata mwalimu Alhamisi saa nne asubuhi, baada ya simu mbili na mtu mmoja kwenda kuangalia. Majina na namba nimeviondoa. Urefu wake unaingia kwenye WhatsApp bila taabu, na kwa mteja asiye na simu janja tunauchapa na kumpelekea.

> Shikamoo Mwalimu. Tunathibitisha kukuhamisha Ijumaa, tarehe … kutoka Ngamiani Kati, Barabara ya 12, nyumba namba …, kwenda Raskazone, nyumba namba …, ghorofa ya kwanza.
>
> MUDA: Gari litafika Ngamiani kati ya saa 1:30 na saa 2:00 asubuhi (kwenye simu 07:30 hadi 08:00). Msimamizi atakupigia akianza safari. Tunatarajia kumaliza Raskazone kabla ya saa 6:00 mchana ili tusikutane na swala ya Ijumaa. Tukivuka saa 2:00 bila kukujulisha, tunapunguza shilingi 20,000 kwenye bei. Gari likisubiri zaidi ya dakika 30 kwa upande wako, kila nusu saa ni shilingi 10,000.
>
> GARI NA WATU: Kenta nyeupe ya boksi, namba …, dereva, msimamizi na vijana wanne wa kubeba. Msimamizi ni …, simu …
>
> NJIA: Ngamiani gari litasimama mbele ya kibaraza. Tafadhali mwombe jirani wa duka aache nafasi hiyo wazi kuanzia saa 1:00. Raskazone gari halipiti chini ya mwembe, litasimama nje ya geti. Umbali huo na ngazi vimo kwenye bei. Mlinzi tafadhali apewe namba ya gari leo.
>
> KABATI: Kijana wetu atakuja leo saa 11:00 jioni kulifungua. Liwe tupu.
>
> TAFADHALI ANDAA: Friji izimwe leo mchana, iwe tupu na kavu. Mtungi wa gesi ufungwe, utapanda kwa dereva wa bajaji tuliyekubaliana. Mkaa hatubebi. Fedha, dhahabu, vyeti na dawa ubebe mwenyewe. Maboksi yawe yamefungwa kabla hatujafika. Kama ilivyo kwa wateja wetu wote, hesabu na mwenye nyumba ziwe zimekamilika kabla ya upakiaji. Uwepo wewe au mtu mzima unayemwamini kila upande.
>
> MALIPO: Shilingi 220,000. Kianzio 70,000 kimepokelewa. Salio 150,000 baada ya kushusha na kuhesabu vyombo.
>
> Ukikubali, jibu NIMEKUBALI. Kama kuna kilichobadilika, hata kiti kimoja cha ziada, tuambie kabla ya saa 12:00 jioni leo.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Bila jibu, huna uthibitisho. Una ujumbe uliotumwa. Alama mbili za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe ulifunguliwa, basi. Mteja asipojibu hadi saa kumi, piga. Mara nyingi utakuta kuna jambo, na jambo hilo ni bora ulisikie saa kumi jioni kuliko saa moja asubuhi. Mwalimu alijibu, na akaongeza kwamba dada yake amempa cherehani ya meza. Ikaingia kwenye orodha, bei haikubadilika.

Asubuhi yenyewe

Msimamizi hupiga simu gari linapoondoka, si linapofika. Likitokea la kutokea, mteja aambiwe saa mpya kabla ya mwisho wa kipindi, na saa hiyo iwe ya kweli hata kama inauma. "Tuko njiani" si saa. Ukisema nusu saa na ikawa saa nzima, hutaaminiwa tena hata ukisema ukweli.

Mvua ikinyesha, uamuzi ni wa pamoja. Boksi linalinda vyombo vikiwa ndani, lakini magodoro yatalowa kati ya mlango na gari, kwa hiyo turubai liwemo garini mwaka mzima, na mtaa wa udongo uamuliwe na dereva, si na mteja wala na mwenye kampuni aliyeko ofisini.

Kabla ya boksi la kwanza kutoka, msimamizi na mteja watembee vyumbani pamoja, wapige picha mikwaruzo iliyopo tayari kwenye friji, meza na kuta. Dakika kumi. Wakifika, wahesabu tena kwa orodha ile ile.

Ukihama nje ya mji

Kwa safari ya Dar es Salaam kanuni ni zile zile, ila kipindi kinapanuka. Ni karibu kilomita 350, gari la mzigo la zaidi ya tani 3.5 halipaswi kuvuka kilomita 80 kwa saa, makazini ni 50, na gari la uzito wa tani 3.5 na kuendelea hupita mizani. Hesabu saa saba hadi tisa njiani. Likiondoka Tanga saa 1:00 asubuhi, andika kufika kati ya saa 8:00 mchana na saa 10:00 jioni. Sema pia njia: kupitia Chalinze, ambako kuna mizani ya Vigwaza mbele, au kukata Msata kwenda Bagamoyo, maana mteja anayesubiri Bunju na anayesubiri Kibamba hawafikiwi kwa njia moja. Barua ya serikali ya mtaa inayosema nani anahama, kutoka wapi kwenda wapi, pamoja na orodha ya vyombo, iwe kwa dereva. Askari akiuliza mali ni ya nani, dereva atakuwa na karatasi ya kumwonyesha, na mteja aliyetangulia kwa basi hatapigiwa simu akiwa hana mtandao.